Madereva Wawili Wakikosa, Chunga Maneno ya Hukumu

Kama ulikuwa abiria ukaumia katika ajali ambayo madereva wote wawili wana makosa, mwambie wakili wako awashtaki wote wawili tangu mwanzo, pamoja na wenye magari. Nimefuatilia kesi ya dada yangu kuanzia wodini hadi hundi ilipotoka, na nimeona jinsi pesa za majeruhi zinavyoweza kupotea kwa sababu ya sentensi moja tu kwenye karatasi za korti.

Dada alikuwa ndani ya matatu usiku. Mbele yao kulikuwa na lori lililoharibika mlimani, nusu yake iko barabarani, halina taa wala pembetatu za kuonya. Matatu nayo ilikuwa inakimbia kupita kiasi, dereva akashindwa kusimama. Dada alivunjika paja. Korti iliamua kwamba matatu ilibeba asilimia 70 ya lawama na lori asilimia 30, na fidia, nikiikadiria kwa mviringo, ilikuwa shilingi 1,000,000.

Watu wengi wakisikia hivyo hudhani dada alitakiwa kufuata 700,000 kwa matatu na 300,000 kwa lori. Sivyo. Paja lilivunjika mara moja, na hakuna anayeweza kuonyesha kipande kilichovunjwa na lori na kipande kilichovunjwa na matatu. Kwa hiyo sheria humfanya kila mkosaji awe na deni zima mbele ya aliyeumia. Hiyo 70 kwa 30 ni hesabu yao wenyewe. Aliyelipa zaidi ya fungu lake anamdai mwenzake, na hapa Kenya haki hiyo imo katika kifungu cha 10 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26.

Ulinzi huu tuliuhitaji haraka kuliko tulivyotarajia. Kabla ya malipo kutoka, kampuni ya bima ya matatu ilikwama kifedha ikaacha kulipa madai. Wakili wetu akageukia bima ya lori. Wakajibu kwamba wao ni wa 300,000 tu. Akawaonyesha amri ya korti: wadaiwa watalipa "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Walilipa milioni nzima, kisha wakabaki na kazi ya kuifuata matatu kwa zile 700,000. Bila maneno hayo, dada angekaa na 300,000 na mguu wenye vyuma.

Maneno hayo karibu yakose kuwamo. Katikati ya kesi, mawakili wa bima zote mbili walileta rasimu ya makubaliano kuhusu lawama: mdaiwa wa kwanza atalipa asilimia 70, wa pili asilimia 30. Ilionekana ya haki kabisa, na mtu aliyechoka na kesi angetia sahihi. Ila sentensi kama hiyo inampa kila mmoja mwanya wa kudai kwamba deni lake linaishia hapo. Wakili wetu alikataa hadi ikaandikwa wazi kwamba wote wawili wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, na mgawo ni wa baina yao. Rasimu ikija, isome wewe mwenyewe.

Kuna mipaka. Huwezi kukusanya milioni kwa huyu na milioni kwa yule. Ukishalipwa yote, deni limekwisha. Na kama korti ingeona dada ana lawama ya asilimia 10, tuseme kwa kutofunga mkanda, hiyo ingekatwa kwanza, halafu hao wawili wangewajibika pamoja kwa 900,000 zilizobaki.

Kwa nini basi nasisitiza kuwashtaki wote, ikiwa mmoja anaweza kulipa yote? Kwa sababu hujui ni nani atakayekuwa na pesa siku ya kulipwa. Ukimshtaki mwenye matatu peke yake, naye akamwingiza mwenye lori kama mtu wa tatu katika kesi, asilimia zitakazomwangukia mwenye lori zinamfidia mwenye matatu. Wewe bado hukumu yako ni dhidi ya matatu tu. Muda wa kufungua kesi ya madhara ya mwili ni miaka 3 tangu ajali, kwa hiyo chukua abstrakti ya polisi mapema, uone namba za magari yote na bima zao, kisha uhakikishe wamiliki kwenye rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari.

Bima moja ikitaka kumalizana nawe mapema, soma hati ya kuridhika kabla ya kutia sahihi. Isiseme kwamba umepokea fidia kamili ya ajali hiyo. Iandikwe kwamba unapokea sehemu, na kwamba haki yako dhidi ya gari la pili inabaki. Kiasi ulichopokea kitakatwa kwenye jumla, lakini mlango wa pili utabaki wazi.