Kebo ya pini 30 si lazima iwe kebo ya FHD

"Wadau, laptopu yangu ya inchi 15.6 ilikuwa na kioo cha NT156WHM-N42. Nimeweka NV156FHM-N42 ili nipate FHD, pini ni 30 kama mwanzo na imeingia vizuri, lakini ni giza tupu. Nikichomeka HDMI kwenye TV picha ipo. Nikirudisha kioo cha zamani kinawaka. Fundi ataka ninunue kebo. Nichukue ipi? Niko Mombasa."

Fundi wako yuko sawa. Kioo cha zamani kikiwaka, basi bodi na konekta ni nzima. Kinachoshukiwa kwanza ni idadi ya waya ndani ya kebo, na hiyo haionekani kwa kuhesabu pini.

Paneli zote mbili ni za pini 30 na hutumia eDP, yaani njia ya kidijitali ya kupeleka picha kwenye kioo, na mpangilio wa pini ni mmoja. Data hupita kwa njia mbili: njia ya kwanza ni pini ya 6 na 7, ya pili ni pini ya 3 na 4. Njia moja kwa mwendo wa kawaida hubeba data halisi ya gigabiti 2.16 kwa sekunde. Picha ya HD ya 1366x768 huhitaji takriban 1.4, kwa hiyo njia moja yatosha na nyingine ingekaa bure. Mtengenezaji naye haweki waya asiouhitaji, na kebo nyingi za laptopu zilizouzwa na kioo cha HD hazina waya wowote kwenye pini ya 3 na 4. Picha ya FHD ya 1920x1080 kwa 60 Hz huhitaji karibu 2.5, hata kwa paneli ya rangi za biti 6. Haiingii kwenye njia moja. Huenda hapo ndipo giza lako linapotoka.

Hakikisha kabla ya kutoa pesa. Zima, chomoa chaja, kisha tenganisha betri kwenye bodi. Hili la betri usiliruke, kwa sababu umeme wa taa ya kioo huweza kubaki kwenye plagi hiyohiyo hata laptopu ikiwa imezimwa. Toa kebo nzima, bandua tepu nyeusi upande wa kioo, uhesabu waya nyembamba kama uzi zinazoingia kwenye plagi. Zikiwa nne, una njia moja ya data na jozi ya mawasiliano tu. Zikiwa sita, njia zote mbili zipo. Waya za kamera zinazokwenda kwenye plagi yake ndogo usizihesabu.

Kwenye baadhi ya plagi bati la juu huficha kila kitu. Chukua multimita, iweke kwenye mlio, na ufunge sindano ya kushonea kwenye ncha ya kila waya wake. Kwanza tafuta upande wa pini ya 1. Pini ya 26 hadi ya 29 ni za umeme wa taa: ni nne mfululizo, hulia zenyewe kwa zenyewe lakini hazilii na bati la plagi. Ukizikuta, pini ya 1 iko mwisho wa upande mwingine. Sasa gusa ya 3, kisha pitisha sindano ya pili kwenye pini zote za upande wa bodi. Usitarajie nambari zilingane, upande wa bodi una mpangilio wake. Rudia kwa pini ya 4. Kama hakuna mlio popote, hiyo ni kebo ya HD.

Sasa kununua. Kwenye kebo yenyewe kuna kikaratasi chenye nambari ndefu, nayo mara nyingi huanza na DC02, DD0, 450. au 14005-, kutegemea kiwanda kilichoiunda. Usiagize nambari hiyohiyo, maana utaletewa kebo ileile ya HD ikiwa mpya. Tafuta kebo ya modeli yako iliyouzwa na kioo cha FHD, uone nambari yake. Muuzaji akikuambia "hii ni pini 30, yaingia zote," muulize kama ni ya FHD na akutumie picha ya kikaratasi. Maduka ya Moi Avenue huenda wasiwe nayo, na wengi huagizia Nairobi. Mpe picha tatu: kikaratasi cha kebo yako, lebo ya nyuma ya kioo kipya, na plagi zote mbili zikiwa juu ya rula.

Rula ina kazi yake. Plagi ya pini 30 ya kawaida ina nafasi ya mm 0.5 kati ya pini, hivyo kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho ni mm 14.5. Pini 40 za nafasi hiyohiyo ni mm 19.5. Lakini kuna za pini 40 zilizobanwa kwa mm 0.4, nazo zafika mm 15.6 tu. Kwenye picha ya simu hiyo na ya pini 30 ni pacha. Pia zipo za pini 30 zilizobanwa, mm 11.6.

Lebo ya kioo isome hadi mkia. NT156WHM-N42 yako ni eDP ya pini 30. NT156WHM-N10 ni LVDS ya pini 40, teknolojia nyingine kabisa ijapokuwa jina limeanza sawa. Na LVDS ya pini 40 inaweza kukaa vizuri kwenye eDP ya pini 40 huku umeme ukienda pasipo pake. Kwa hiyo kuingia si ushahidi.

Komeo la plagi ndilo huharibu vingi. Plagi ya kioo huingia kwa kuteleza ikiwa imelala sambamba na bodi, si kwa kubonyezwa kutoka juu. Ikiwa na utepe wa chuma kama mkono wa ndoo, uinue kwanza, kisha vuta plagi kwa kucha pande zote mbili kidogo kidogo. Isiyo na utepe hushikwa na tepu pekee, nayo sharti ibandikwe tena, la sivyo mtikisiko wa bawaba utailegeza. Upande wa bodi huenda ukakuta ya kubonyezwa kutoka juu, au ya kilango cha plastiki kinachofunguka. Mkao huo lazima ulingane na wa kebo mpya. Ukiingiza kimshazari pini hujikunja, umeme wa taa hugusa jirani yake na fyuzi ndogo kwenye bodi hukatika. Dalili yake: ukimulika tochi kwenye kioo waona picha hafifu, lakini taa haiwaki.

Kwa hewa yetu ya chumvi, angalia pia pini zenye ukungu wa kijani. Safisha kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, acha ikauke kabisa.

Jambo moja la mwisho kabla ya kuagiza. Kwenye bodi, karibu na konekta ya kioo, njia za data hupitia kapasita ndogo sana, mbili kwa kila njia. Baadhi ya bodi za HD ziliachwa bila zile za njia ya pili, ukaona vituo vya risasi vitupu mahali pake. Ukiona hivyo, kebo ya FHD haitasaidia mpaka kapasita za mikrofaradi 0.1 zichomelewe, na hiyo ni kazi ya mwenye hadubini.