Nani aonwe kwanza? Kabla ya ABC, uliza kipi ni kipya

Maswali ya "umepokea zamu, una wagonjwa wanne, utamwona nani kwanza?" yanawaangusha hata wanafunzi wanaoijua ABC kwa moyo. Wanajua A ni njia ya hewa, B ni kupumua na C ni mzunguko wa damu. Wanajua pia kwa nini mpangilio uko hivyo: njia ya hewa ikiziba kabisa, ubongo huanza kuumia ndani ya dakika chache. Wanachokosea ni kuisoma ABC kama orodha ya viungo. Wakiona neno "mapafu" kwenye swali, wanakimbilia huko.

Jioni huwa nasoma na wadogo zangu wa uuguzi hapa Mwanza, wengine wakiwa bado chuoni, wengine wakijiandaa na NCLEX, mtihani wa leseni ya Marekani. Kuna swali ninalopenda kuanza nalo, nimelitunga kwa wagonjwa wa aina tunayoijua huku kwetu.

Wa kwanza ni mzee wa miaka 68 kutoka Igoma mwenye ugonjwa sugu wa mapafu. Anapumua mara 22 kwa dakika, oksijeni yake ni 90%, na anakohoa makohozi meupe kama siku zote. Wa pili ni mama wa miaka 41 aliyefanyiwa upasuaji wa goita saa 5 zilizopita. Oksijeni yake ni 97%, ila anasema bandeji ya shingoni inambana, na sauti imezidi kukwaruza kuliko alipotoka chumba cha upasuaji. Wa tatu ni mvuvi wa Ukerewe ambaye kichocho kimemharibu ini. Jana alitapika damu, leo hajatapika tena, presha ni 104/66 na mapigo ya moyo ni 102. Wa nne ni binti wa miaka 15 mwenye selimundu. Miguu inamuuma, maumivu anayapa 9 kati ya 10, na analia wodi nzima inamsikia.

Wengi huchagua mzee. Binti mmoja alinibana kweli: "Sista, mzee ana 90, mama ana 97. Nimwache vipi mwenye 90?"

Hapo ndipo pa kutulia. Kabla hujaanza kupanga herufi, muulize kila mgonjwa swali moja: hali hii ni mpya, au ni ile anayoishi nayo? Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akiwa na oksijeni 90% yuko pale tunapomtaka. Kwa wagonjwa wengi wa aina yake lengo ni kati ya 88% na 92%, na ukimwongezea oksijeni nyingi ukitafuta 98%, hewa chafu inaweza kujikusanya kwenye damu hadi akaanza kusinzia. Kukohoa ni kawaida yake, makohozi hayajabadilika rangi. Ana herufi B kwenye faili, lakini hakuna kilichobadilika kwake leo.

Mama wa goita ana jambo jipya, na liko kwenye A. Baada ya upasuaji wa shingo, damu inaweza kuvuja chini ya mshono bila kutoka nje. Inajaa ndani, inabana mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani, na koromeo linavimba kwa ndani. Njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba huku bandeji ikiwa safi kabisa. Sauti kukwaruza kidogo baada ya kutolewa mpira wa kupumulia ni jambo la kutarajiwa. Sauti inayozidi kuharibika, pamoja na shingo kubana, si la kutarajiwa hata kidogo. Na ile 97% isikutulize: kipimo cha oksijeni hushuka mwishoni, wakati njia ya hewa imekaribia kuziba. Mama huyu ndiye wa kwanza.

Ukifika kitandani, mkalishe, tazama kama shingo imevimba, na pitisha mkono nyuma ya shingo na mabega, kwa sababu akiwa amelala damu hukimbilia huko. Msikilize anapovuta hewa. Ukisikia mlio mwembamba wa kukwaruza, hiyo ni dharura. Ita daktari wa upasuaji na wa usingizi papo hapo, usimwache peke yake, na vifaa vya kukatia nyuzi viwe mkononi, maana mshono unaweza kulazimika kufunguliwa pale pale kitandani. Kwenye mtihani, jibu la "mpe dawa ya maumivu" au "andika kwenye faili kisha mwangalie tena" ni mtego.

Mvuvi ni wa pili. Mishipa ya koo la chakula iliyovimba kwa sababu ya ini inaweza kupasuka tena wakati wowote, na mapigo ya 102 yanataka kufuatiliwa, lakini kwa sasa damu imesimama na presha inashikilia. Binti wa selimundu ni wa tatu. Maumivu yake ni ya kweli, na dawa yake haitakiwi kuchelewa. Ila mtoto anayelia kwa nguvu namna ile amekuonyesha kwamba njia ya hewa iko wazi na kifua kinasukuma hewa. Mzee anafuata.

Sehemu inayowajenga wanafunzi kuliko zote ni kubadilisha neno moja kwenye swali na kuona jibu linahamia wapi. Chukua swali lile lile, mama wa goita umtulize: sauti ni ile ile aliyotoka nayo, bandeji haibani. Sasa mpe mvuvi damu mbichi anayoitapika huku akisinzia. Anaruka kuwa wa kwanza, na si kwa C peke yake. Mtu anayesinzia huku mdomo umejaa damu hawezi kulinda njia yake ya hewa, kwa hiyo mgeuze ubavu na uvute damu mdomoni wakati wenzako wanatafuta mishipa ya dripu.

Au mrudishe mvuvi kwenye utulivu wake, na yule binti umpe homa, maumivu mapya ya kifua, na oksijeni iliyoshuka kutoka 96% hadi 88%. Namba hiyo kwa mzee wa Igoma ingekuwa ukingoni mwa kawaida yake. Kwa binti ni hatari, kwa sababu selimundu imeingia kifuani, na anapita mbele ya wote.

Kuna sehemu mbili ambapo herufi zenyewe hubadilika, na watunga maswali wanazipenda. Mgonjwa asiyeitika, asiyepumua wala kuwa na mapigo, huanza na C: kukandamiza kifua. Mwongozo wa Marekani ulibadilisha mpangilio kuwa C-A-B mwaka 2010, kwa kuwa kukandamiza kifua kulikuwa kunachelewa watu wakihangaika na mdomo. Nyingine ni damu inayoruka nje kwa wingi, kama mguu uliokatwa na panga la boti. Hapo unagandamiza jeraha au kufunga mkanda wa kuzuia damu kwanza, ndipo ugeukie njia ya hewa, maana damu ya namna hiyo inaweza kumuua ndani ya dakika chache tu.