Chaneli Haionekani: Kabla Hujaandika "Imefutwa"

Wadogo zangu, juzi nimefungua jedwali letu la kwaya za Nyanda za Juu Kusini nikakuta safu ya hali ya chaneli imejaa neno moja, "imefutwa", kuanzia Tukuyu mpaka Ludewa. Nikauliza mmejuaje. Nikajibiwa: "Kaka, tumefungua YouTube, haipo." Nawapenda sana, na chai ya leo naleta mimi, lakini kwa jibu hilo ningewarudisha wote stendi. Haya, tuanze upya.

1. Anzeni na anwani ya UC, si jina la @. Jina la @ mwenye chaneli analibadilisha akitaka. YouTube hulishikilia lile la zamani kwa siku 14, baada ya hapo linki yake inakufa, na mtu mwingine anaweza kulichukua. Kwa hiyo ukurasa wa "This page isn't available" kwenye linki ya @ unaweza kumaanisha tu kwamba kwaya imebadilisha jina baada ya kupata mwalimu mpya. Kitambulisho kinachoanza na UC, chenye herufi 24, hakibadiliki:

```
https://www.youtube.com/channel/UC...
```

Hamna UC? Itafuteni kwenye nakala ya ukurasa wa zamani ndani ya Wayback Machine, ile tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani, kwenye msimbo wa ukurasa ule, mtafute neno `channelId`.

2. Pimeni video, msiishie kwenye ukurasa wa chaneli. Chukueni video kadhaa za miaka tofauti, mzifungue kwenye dirisha la siri la kivinjari, na muongeze `&hl=en` mwisho wa linki ili ujumbe usije kwa lugha tofauti kila simu. Kisha msome, tafadhali, msome. "This video is private" maana yake video ipo, mwenyewe ameifungia. Ukurasa wa chaneli ukiwa bado unafunguka na jina lake lakini video zote zinasema hivyo, basi chaneli haijafutwa wala haijafichwa, video zimefungwa moja moja. "This video has been removed by the uploader" inahusu video hiyo tu. Na ujumbe unaosema akaunti ime-"terminated" ni wa YouTube wenyewe kuifunga, mwenye chaneli hana uamuzi hapo. Hiyo iandikieni safu yake.

3. Picha ya video ikionekana kwenye matokeo ya utafutaji si dalili ya uhai. Google wenyewe wanasema picha hizo zinaweza kubaki kwa muda mfupi baada ya chaneli kufutwa.

4. Sasa tufike kwenye kesi ngumu: UC haifunguki, video hazifunguki, na hakuna ujumbe wa "private" wala "terminated". Je, imefichwa au imefutwa? Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu kosa hili lina sahihi yangu.

Kulikuwa na kwaya ya upande wa Mafinga. Chaneli yao ilitoweka, na kijana aliyekuwa kwenye dawati aliipima vizuri kuliko ninyi: UC imekufa, video tano zimekufa, hakuna ujumbe wa kutofautisha. Aliniletea akauliza aandike nini. Nikamwambia bila hata kukaa: andika imefutwa, ondoa linki zao, weka za yule bwana aliyepakia upya nyimbo zao kwenye chaneli yake. Akafanya alivyoagizwa. Aliondoa na vitambulisho vya video, zile herufi 11 kila moja, maana nani anatunza namba za maiti?

Kumbe mpiga picha wao, ambaye ndiye aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake, alikuwa amegombana na kamati juu ya malipo. Aliingia kwenye mipangilio ya chaneli, na pale penye kufuta YouTube inakupa njia mbili: kuficha maudhui kwa muda, au kuyafuta moja kwa moja. Yeye alichagua kuficha. Ukificha, jina, video, likes na orodha ya unaowafuatilia vyote vinakuwa siri. Sisi wa nje hatuoni tofauti na chaneli iliyozikwa. Hilo ndilo nililopaswa kulijua: ukitazama mara moja tu, huwezi kuthibitisha kwamba imefutwa.

Walipopatana, ukurasa ukarudi. Ulirudi na jina, bila video hata moja. Kijana akasema, "Wameanza upya." Mimi nikakubali tena! Mara mbili kwa chaneli moja. Tungelinganisha UC na ile ya nakala ya Wayback tungeona ni ile ile, herufi kwa herufi. Chaneli mpya hupewa UC mpya. Ukurasa mtupu wenye UC ya zamani ni dalili ya mtu aliyeirudisha chaneli iliyofichwa, ila video bado hajaziweka hadharani, kwa sababu baada ya kurudisha, mwenyewe ndiye anayechagua zipi zionekane.

Zilianza kutoka kwa mafungu. Tarehe za kupakiwa zilikuwa za miaka iliyopita, na idadi ya watazamaji iliendelea pale ilipoishia. Aliyepakia upya hawezi kuwa na vitu hivyo, kwake kila video huanza na tarehe mpya na sifuri. Wakati huo jedwali letu lilikuwa linawapeleka wasikilizaji kwa yule bwana, na vitambulisho vya asili tulikuwa tumevifuta. Tulivichimba Wayback kimoja kimoja, na vingine havikuwahi kuhifadhiwa huko. Mwalimu wa kwaya alinipigia simu mwenyewe. "Kamwene, mwanangu. Nasikia huko kwenu sisi tulishafutwa." Nikaitikia kamwene, nikabaki nimeshika simu.

5. Maoni chini ya video za watu wengine yanasema kitu kimoja tu. Chaneli ikifutwa, maoni yake hufutwa nayo. Kwa hiyo mkikuta maoni yao yapo, na jina linabonyezeka kwenda kwenye UC ile ile, hiyo ni hoja dhidi ya kufutwa. Msipoyakuta, hamjajua kitu. Na msichanganye na watu wengine waliowataja kwa @ kwenye majibu, hayo ni maandishi ya wengine na yanabaki.

6. Wayback itawapa dirisha la tarehe: lini ilionekana mara ya mwisho, na lini nakala ya kwanza ilionyesha haipo. Andikeni zote mbili.

7. Mkiwa na chaneli hai, hifadhini leo `https://www.youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id=UC...`, inatoa video 15 za karibuni pamoja na vitambulisho na tarehe.

Na safu ile ya hali, nimeibadilisha. "Imefutwa" itaandikwa tu pale mwenye chaneli anapokiri kwa kinywa chake. Iliyobaki ni "haionekani tangu" na tarehe, vitambulisho havifutwi, na kila mwezi mnaipima UC tena. Namba za makatibu wa kwaya ziko kwenye daftari la kijani, pigeni baada ya saa kumi jioni, asubuhi wako shambani.