Mraba na duara la waya wa urefu uleule: uga wa sumaku wa katikati

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, Mafinga. Nimekunja waya wa sentimita 80 kuwa mraba, na mwingine wa urefu huohuo kuwa duara, mkondo ni uleule. Duara limezingira eneo kubwa kuliko mraba, lakini kila nikikokotoa napata uga wa sumaku wa katikati ya mraba ndio mkubwa. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni sahihi; kilichokutatiza ni eneo. Katikati ya kitanzi, eneo halina kazi. Kinachohesabika pale ni waya uko umbali gani kutoka kitovuni, na umekaa kwa mwelekeo gani.

Tuanze na jambo unaloliona kila Julai huko kwenu Mafinga, baridi inapobana na watu wakazunguka jiko la mkaa. Panga mabenchi manne kwa umbo la mraba, jiko likiwa katikati. Aliyekaa katikati ya benchi anaota moto vizuri, wa kwenye kona anajikunyata. Mkipanga viti kwa duara, wote mnapata joto sawa, ila hakuna aliye karibu kama yule wa katikati ya benchi. Kwa waya wako, duara lina nusukipenyo cha sentimita 12.73. Mraba una upande wa sentimita 20, kwa hiyo katikati ya kila upande kuna sentimita 10 tu hadi kitovuni, na kwenye kona ni 14.14. Swali ni kama ukaribu wa katikati ya pande unafidia umbali wa kona.

Hapo ndipo kanuni ya Biot na Savart, waliyoifikia kwa majaribio ya mwaka 1820, inapotusaidia. Kila kipande kidogo cha waya kinachangia uga kulingana na urefu wake, mara sini ya pembe kati ya waya na mstari unaokwenda kitovuni, kisha unagawanya kwa mraba wa umbali. Wanafunzi wengi huanza kukata waya vipande vyenye urefu sawa, wakazama kwenye hesabu. Wewe kata kwa pembe. Jiweke kitovuni, ugeuke digrii moja moja hadi utimize 360. Katika kila digrii unaona kipande kimoja cha waya. Karibu na kona kipande hicho ni kirefu zaidi kwa sababu waya umelala mshazari, lakini ulalo huohuo unapunguza sini yake. Ukizidisha urefu kwa sini, mshazari unajifuta wenyewe, na kinachobaki ni umbali r mara ile pembe ndogo. Gawanya kwa r mara mbili kama kanuni inavyotaka, na mchango wa kila digrii unakuwa 1/r, basi.

Kwa hiyo uga wa katikati ya kitanzi chochote bapa kinachokizunguka kitovu mara moja ni μ0·I/2 mara wastani wa 1/r ukizunguka digrii zote. Kwenye duara r haibadiliki, nawe unarudi kwenye fomula unayoijua, B = μ0·I/(2R). Kwenye mraba, ukipima pembe θ kuanzia katikati ya upande, 1/r ni cosθ/10, na wastani wa cosθ kutoka −45 hadi +45 ni 0.9003. Gawanya 10 kwa 0.9003, unapata 11.11. Maana yake, kwa kitovu chake, mraba wako ni sawa na duara lenye nusukipenyo cha sentimita 11.11. Duara lako halisi lina 12.73. Uwiano wake ni 1.146, yaani uga wa mraba unazidi kwa karibu asilimia 15. Ukitaka kwa alama ni 8√2/π², na urefu wa waya hauubadilishi.

Eneo linapata nguvu yake ukienda mbali. Huko kitanzi kinajulikana kwa mkondo mara eneo, na mraba wako una sentimita za mraba 400 dhidi ya 509 za duara. Ukitoka kitovuni ukifuata mhimili unaochomoka wima kutoka kwenye bapa la kitanzi, mraba unaongoza hadi takriban sentimita 8, hapo vinakuwa sawa, kisha duara linashika uongozi. Kwenye sentimita 20 uga wa duara unazidi wa mraba kwa asilimia 17. Kwa hiyo wazo lako la eneo ni la kweli, ila umelipeleka mahali ambapo si pake.

Usiniamini kwa maneno, pima. Suka mizunguko 20 kwenye kila fremu ya mbao. Utahitaji mita 16 za waya wa shaba wa enameli kwa kila moja, ule wanaotumia mafundi wa kusuka mota. Simamisha fremu wima, bapa lake lilale kwenye mstari wa kaskazini na kusini unaoonyeshwa na dira, na dira ikae kitovuni kabisa. Washa ampia 0.25. Duara litatoa maikrotesla 24.7 na mraba 28.3. Tukichukulia sehemu ya mlalo ya uga wa dunia kuwa maikrotesla 25, sindano itageuka digrii 44.6 kwa duara na 48.5 kwa mraba. Ukigawanya tanjenti ya pembe moja kwa ya nyingine, uga wa dunia unafutika, na jibu linapaswa kukaribia 1.15 hata kama ile 25 yangu si kamili. Geuza mkondo upime tena, uchukue wastani wa pembe mbili, maana sindano haikai kwenye sifuri kamili.

Kisha sogeza dira sentimita 20 kwenye mhimili na upandishe mkondo hadi ampia 1. Sasa duara litakupa kama digrii 31.4 na mraba 27.6. Mimi napenda kipimo hiki cha pili kuliko cha kwanza, kwa sababu unaona kwa macho mshindi akibadilika.

Uwiano ukitoka mdogo mno, tazama mbavu za mraba kwanza. Waya ukisukwa kwa ulegevu, pande zinatuna nje katikati na kona zinakuwa mviringo, na mraba unaanza kufanana na duara. Pima kutoka upande hadi upande kupitia kitovu. Lazima zitoke sentimita 20, si 21. Pili, tazama meza. Hapa Iringa niliwahi kupata 1.03, nikaihangaikia asubuhi nzima, kumbe fremu ya meza ilikuwa ya chuma na nilikuwa nimeweka mraba upande mmoja na duara upande mwingine, kila kimoja na uga wake wa kuanzia. Nilipovipimia vyote mahali palepale, juu ya meza ya mbao, nikiwa nimezisokota pamoja nyaya mbili za kuingia na kutoka kwenye kitanzi, nilipata 1.14.

Ukiandika ripoti, taja wazi kwamba kilicholinganishwa ni urefu wa waya. Ukilinganisha kwa eneo sawa, mraba unazidi kwa asilimia 1.6 tu, ambayo dira yako haitaiona. Na ukichora duara ndani ya mraba likagusa pande zote nne, duara ndilo linalozidi, kwa sababu hapo waya wake wote uko sentimita 10 kutoka kitovuni, na mraba unabaki na zile kona zake za mbali.