Mteja akitaja jina la mtu unayemjua

"Wakuu, namaliza diploma ya unasihi na nimepangiwa kituo kwenye mji mdogo nilikokulia. Mteja akisema atamdhuru mtu, na huyo mtu namfahamu, siri inaishia wapi?"

Mkuu, yalinikuta mwaka wangu wa nne kazini. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasijulikane.

Mteja alikuwa baba wa makamo, zahanati ilimleta kwangu kwa sababu alikuwa hapati usingizi usiku. Kikao cha tatu akasema shemeji yake kamdhulumu shamba la urithi, na "huyo nitammaliza". Kauli hiyo peke yake haivunji siri. Watu husema "nitamuua" kila siku, na chumba chetu kipo ili hasira ipate pa kutemwa. Kwa hiyo sikukimbilia simu, niliuliza. Lini? Jumamosi, siku ya mnada. Wapi? Kwenye kijia cha nyuma ya josho, anakopita shemeji akirudi kwake. Kwa nini cha kushika? Panga, ameshalinoa, liko chini ya kitanda. Umewahi kumjeruhi mtu? Mara moja, nikiwa nimelewa. Hapo haikuwa hasira tena, ulikuwa mpango wenye mtu, siku na silaha.

Balaa ni kwamba shemeji huyo alikuwa mhazini wa kikoba chetu, na habari za lile shamba nilishazisikia huko. Nikateleza: "Mbona halijauzwa, limewekwa rehani tu?" Akanitazama kwa muda. "Kumbe ninyi ni wamoja."

Tulipofundishwa habari ya kuvaa kofia mbili, mkazo ulikuwa kwenye upendeleo. Mimi sikumpendelea mtu. Nilichokosea ni kuingiza chumbani jambo nililolipata nje, na mteja akapiga hesabu yake upesi: kama ya nje yanaingia, basi ya ndani yanatoka. Nilipaswa kumwambia tangu alipotaja jina kwamba tuko kikoba kimoja. Nilimwambia pale, kwa kuchelewa, nikamwomba radhi.

Kisha nikamkumbusha tulichokubaliana kikao cha kwanza: nitatunza yote, ila uhai wa mtu ukiwa hatarini sitanyamaza. (Mtoto akiwa ndiye anayeumizwa, hakuna hata cha kujadili: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aripoti serikali za mitaa.) Nikamuuliza nani anamsikiliza. Akamtaja kaka yake mkubwa. Tukampigia tukiwa wote wawili, yeye mwenyewe akaongea, na kaka akakubali kuja kulichukua lile panga na kulala naye siku hizo. Kwenda polisi alikataa katakata. Nikamwambia hilo nitalifanya hata bila ridhaa yake, na nikamweleza nitakachosema kabla ya kukisema. Alipotoka nilimpigia msimamizi wangu aliye mkoa mwingine, bila kutaja jina la mtu.

Msimamizi ndiye aliyenikumbusha kesi ya Tarasoff. Mwaka 1969 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimwambia mtaalamu wake kwamba atamuua msichana. Mtaalamu alitoa taarifa kwa polisi wa chuo, wakamshika, wakamhoji, wakamwachia. Tatiana Tarasoff na wazazi wake hawakuambiwa chochote, na Oktoba mwaka huo akauawa. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya California ilisema mtaalamu ana wajibu wa kuonya. Mwaka 1976 ikaupanua uwe wajibu wa kulinda: kuonya, kuita polisi, au hatua nyingine yoyote ya busara kulingana na hali. Sheria ya kwao haitufungi sisi, lakini nilichukua funzo moja: kwenda kituoni tu hakutoshi kama anayelengwa bado atapita kwenye kile kijia.

Basi nilikwenda kwa mkuu wa kituo, nikatoa vitu vitatu: nani anatishiwa, na nani, na lini. Ugomvi wa ndoa na mengine aliyonisimulia yalibaki kwangu. Nikaomba polisi ndiye amwonye shemeji, si mimi, kwa sababu mimi angenibana kwa mazoea ya kikoba. Nikasubiri hadi nikathibitishiwa kwamba ameambiwa. Usiku huo niliandika kwenye jalada maneno ya mteja kama alivyoyatamka, saa, niliowapigia, na kwa nini nilichagua njia ile.

Jumamosi ilipita salama. Jumapili shemeji akanisubiri nje ya kanisa: "Alisema nini tena?" Nikamjibu, "Ulichoambiwa na polisi ndicho cha kukulinda. Mengine si yangu kuyatoa." Akaninunia miezi kadhaa. Kikoba nilijitoa. Mteja hakurudi kwangu, nilimwandikia rufaa kwa mwenzangu wa mji wa jirani, na alikwenda.

Sasa kikao cha kwanza, kabla sijauliza shida, naomba mteja anitajie watu ambao angekosa raha akiniona nimekaa nao. Wengine hutaja kumi. Mmoja alimtaja mke wangu, nikampa rufaa siku hiyohiyo.