Kabla ya kufafanua kifupisho, jiulize kama mteja anakihitaji

Nafanya kazi ya kutunza barua pepe za kampuni ndogo. Mara kwa mara inanibidi kuwaandikia wateja kwamba tunahamisha masanduku yao kwenda kwenye seva mpya, na wengi wao ni wahasibu, walimu au wafanyabiashara. Hii ni rasimu ya aina ninayoletewa na mafundi wenzangu niipitie:

"Jumamosi saa 4 usiku tutabadilisha rekodi za MX. TTL imeshushwa hadi sekunde 300. Watumiaji wa IMAP wabadilishe seva ya kupokea (porti 993, SSL/TLS). Watumiaji wa POP3 wafanye bakapu mapema."

Kila kitu hapo ni sahihi. Watu wengi wakiambiwa wairahisishe, huanza kuandika kirefu cha kila kifupisho. Haisaidii. Ukimwandikia mhasibu kirefu cha MX, umempa maneno mengi zaidi ambayo bado hayamwambii chochote. Mimi hukiuliza kila kifupisho maswali mawili: je, mteja atakiona kwenye skrini yake? Je, kuna kitu atafanya kwa sababu yake? Kama majibu yote ni hapana, nakifuta na kubakiza matokeo yake tu.

MX na TTL zinaondoka hapo hapo, maana ni kazi yetu sisi. Lakini angalia usije ukarahisisha mpaka ukasema uongo. MX ni rekodi inayoonyesha barua zipelekwe kwenye seva gani, na TTL ni muda ambao seva nyingine zinaruhusiwa kukumbuka anwani ya zamani. Sekunde 300 ni dakika tano, kwa hiyo fundi atashawishika kuandika "ndani ya dakika tano kila kitu kitakuwa sawa". Kama TTL ya awali ilikuwa 86400, yaani siku nzima, na imeshushwa Jumamosi hiyo hiyo, kuna seva zitakazoendelea kupeleka barua kwenye sanduku la zamani hadi Jumapili. Basi naandika: "Hadi Jumapili usiku, baadhi ya barua zinaweza kuchelewa kuonekana. Hazitapotea, zikifika kwenye sanduku la zamani tutazihamisha sisi." Hapo hakuna kifupisho hata kimoja, na ahadi hiyo tunaweza kuitimiza.

IMAP, yaani njia ya kusoma barua huku zikibaki kwenye seva, na 993 zinabaki, kwa sababu mteja atazikuta kwenye mipangilio ya simu na atalazimika kuziandika. Namwonyesha tu mahali pake: "Kwenye sehemu ya seva ya kupokea, chagua IMAP, na kwenye porti andika 993." Ukiliondoa jina analoliona kwenye skrini ukaweka lako la kirafiki, utampoteza.

Sentensi ya hatari kuliko zote katika rasimu ile ni ya mwisho. "Watumiaji wa POP3" inamtaka msomaji ajitambue kwa neno asilolijua. Ataamua halimhusu, na ndiye hasa anayeweza kupoteza barua, kwa sababu POP3 mara nyingi hupakua barua kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye seva. Sisi tukihamisha sanduku, zile za zamani hazimo. Yeye akifuta akaunti kwenye kompyuta ili aiweke upya, zinaweza kufutika nayo. Kwa hiyo nampa dalili anayoweza kuiona kwa macho yake:

"Kabla ya Jumamosi, ingia kwenye barua pepe yako kupitia kivinjari, siyo kupitia programu unayoitumia kila siku. Tafuta barua ya mwaka jana ambayo unaiona kwenye kompyuta yako. Kama haipo, barua zako huenda zimehifadhiwa kwenye kompyuta hiyo peke yake. Usibadilishe chochote, tupigie kwanza."

Ni ndefu kuliko ile ya fundi, na niko tayari kuitetea kila mara mtu anapotaka kuifupisha.

Baada ya hapo nampa mtu wa idara nyingine aisome. Simuulizi kama ameelewa, kwa kuwa karibu kila mtu hujibu ndiyo. Namuuliza: "Ungekuwa mteja, ungefanya nini kabla ya Jumamosi, na Jumapili asubuhi ungefanya nini?" Akisita, narudi kwenye sentensi iliyomkwamisha.

Vifupisho nilivyoviondoa sivitupi kabisa. Baadhi ya wateja wana fundi wao wa kompyuta, naye atazihitaji MX na TTL kwa usahihi wake wote. Naziweka chini kabisa, baada ya jina langu na namba ya simu, chini ya kichwa kisemacho "Kwa fundi wenu wa kompyuta. Kama hamna fundi, sehemu hii haiwahusu." Bila ile sentensi ya pili, kuna wateja watakaojaribu kuzibadilisha wenyewe.