Bapa kupitia nukta tatu, na alama ya kutoa iliyopotea kwenye picha

Nilipoanza kujifunza vekta sikuwa na kitabu. Mwenzangu alikuwa nacho, akawa anapiga picha kurasa na kunitumia kwa simu. Swali moja katika picha hizo lilinikesha: tafuta mlinganyo wa bapa linalopita kwenye nukta A, B na C. Nilisoma A(1, 2, 3), B(4, 0, 1) na C(2, 1, 5), nikapata 6x + 8y + z = 25. Jibu lililochapwa chini ya ukurasa lilikuwa 10x − 8y + 7z = 47. Nikarudia hesabu mara nne, na mara zote nne nikaishia palepale.

Nikafanya uhakiki niliofundishwa, yaani kuzirudisha nukta zote tatu kwenye mlinganyo wangu. A ikatoa 6 + 16 + 3, ambayo ni 25. B ikatoa 24 + 0 + 1, nayo 25. C ikatoa 12 + 8 + 5, tena 25. Zote tatu zimekubali, basi nikaamini kitabu ndicho kilichokosea. Kesho yake mwenye kitabu alinisomea mstari ule kwa sauti: A ni moja, hasi mbili, tatu. Mwanga wa taa ulikuwa umeng'aa juu ya karatasi na kukimeza kile kistari chembamba.

Wewe unayeanza sasa, na unayesoma kurasa kwa picha kama nilivyokuwa nikisoma mimi, shika jambo hili kabla ya mengine. Kurudisha nukta kwenye mlinganyo kunakamata makosa ya kuhesabu, lakini hakukamati makosa ya kusoma. Nukta tatu zozote zisizokaa kwenye mstari mmoja ulionyooka zina bapa lake moja. Ukisoma A vibaya, utapata bapa halali kabisa la nukta ambazo hukuulizwa, na uhakiki wako utapita bila doa.

Tufanye kwanza hesabu yenyewe kwa namba sahihi, kwa sababu huwezi kulaumu picha kabla hujawa na uhakika na mkono wako. Kutoka A tunachora vekta mbili, moja kwenda B na nyingine kwenda C. Unachukua namba za mwisho wa safari na kutoa namba za mwanzo:

```
AB = B − A = (4 − 1, 0 − (−2), 1 − 3) = (3, 2, −2)
AC = C − A = (2 − 1, 1 − (−2), 5 − 3) = (1, 3, 2)
```

Vekta hizi mbili zimelala ndani ya bapa. Tunachotafuta ni vekta ya tatu iliyosimama wima juu ya zote mbili, na hiyo ndiyo kazi ya zao la vekta, lile linaloandikwa kwa alama ya ×. Kila namba ya zao hilo inapatikana kwa kuifunika safu yake na kuzidisha kimshazari namba nne zinazobaki. Kwa x unaifunika safu ya kwanza, unabaki na 2 na −2 juu, 3 na 2 chini:

```
x:   2·2 − (−2)·3    = 4 + 6    = 10
y: −(3·2 − (−2)·1)   = −(6 + 2) = −8
z:   3·3 − 2·1       = 9 − 2    = 7
```

Angalia mstari wa y. Una alama ya kutoa nje ya mabano, na hiyo ndiyo wanafunzi wengi wanaisahau. Usiikariri kama adhabu, ina sababu. Mpangilio wa herufi unazunguka: x, y, z, kisha x tena. Kwa zamu ya y, safu zinazofuata ni z halafu x, ila wewe ukiifunika safu ya kati unaziona x halafu z. Umezisoma kinyume cha mzunguko, kwa hiyo alama inageuka. Ukilielewa hilo hutahitaji kubahatisha.

Uhakiki wa hatua hii ni zao la nukta, yaani kuzidisha x kwa x, y kwa y, z kwa z na kujumlisha, nalo huwa sifuri vekta moja ikisimama wima juu ya nyingine. Unachukua nusu dakika. Vekta (10, −8, 7) ikizidishwa na AB inatoa 30 − 16 − 14, ambayo ni sifuri. Ikizidishwa na AC inatoa 10 − 24 + 14, sifuri tena. Ungesahau alama ya katikati na kuandika (10, 8, 7), AB ingetoa 30 + 16 − 14, yaani 32, na kosa lingejitangaza lenyewe. Mimi sivuki kwenda mbele kabla sijaona sifuri mbili.

Zile namba tatu sasa zinakaa mbele ya x, y na z. Weka A ndani upate upande wa kulia: 10 + 16 + 21 = 47. Bapa ni 10x − 8y + 7z = 47, kama kitabu kilivyosema. Ukianza na AC badala ya AB utapata −10, 8, −7 na upande wa kulia −47. Ni bapa lilelile. Hata mlinganyo wote ukizidishwa kwa 2 bapa halibadiliki, kwa hiyo kabla ya kusema jibu lako limetofautiana na la kitabu, angalia kama moja ni mara kadhaa ya lingine. Jibu langu la usiku ule halikuwa hivyo. Ukiigawa 10 kwa 6, na −8 kwa 8, hata alama hazilingani.

Turudi kwenye picha. Ukurasa uliochapwa una ushahidi zaidi ya wino wenyewe. Alama ya kutoa ikifutika, nafasi yake haifutiki. Ivute picha iwe kubwa, utazame pengo kati ya mkato na namba inayofuata. Kwenye A yangu, pengo kati ya mkato wa kwanza na 2 lilikuwa karibu mara mbili ya pengo lililo kati ya mkato wa pili na 3. Mchapaji hakuacha uwazi ule bure, palikuwa na kitu. Kwenye mwandiko wa mkono dalili hii haikusaidii, maana watu huacha nafasi wanavyotaka, na hapo kuna tatizo jingine: z na 2 hufanana mno, na x ya mlinganyo hufanana na × ya zao la vekta. Ukiona "7z" imeandikwa kwa mkono, jiulize kama si 72.

Ushahidi wa pili ni mistari inayofuata. Kitabu kikiwa kimeonyesha AB = (3, 2, −2), unaweza kurudi kinyumenyume: A ni B ukiondoa AB, yaani (4 − 3, 0 − 2, 1 + 2), nayo ni (1, −2, 3). Nukta iliyofutika imerudi bila kumsumbua mwenye kitabu.

Mara nyingi, hata hivyo, hakuna mistari ya katikati. Kuna swali juu na jibu chini, kama ilivyokuwa kwangu. Hapo fanya jambo ambalo sikulifanya usiku ule: ziweke nukta ulizosoma kwenye jibu la kitabu, si kwenye jibu lako. B inatoa 40 − 0 + 7, ambayo ni 47. C inatoa 20 − 8 + 35, nayo 47. A niliyoisoma inatoa 10 − 16 + 21, ambayo ni 15. Nukta mbili zimekaa kwenye bapa la kitabu, moja imekataa. Tayari unajua pa kuangalia.

Na unaweza kusogea hatua nyingine. Kutoka 15 hadi 47 zinapungua 32. Je, kugeuza alama ya namba moja ya A kunaweza kuleta 32? Ukiifanya 1 kuwa −1, unapoteza 20. Ukiifanya 3 kuwa −3, unapoteza 42. Ukiifanya 2 kuwa −2, ile −16 inakuwa +16, na umeongeza 32 kamili. Kistari kilichopotea kimejulikana kilipo, na unarudi kwenye picha kukitafuta mahali pamoja tu. Nasisitiza urudi kwenye picha. Hesabu inakuonyesha mshukiwa, na kama pengo baada ya mkato halimuungi mkono, huenda umesoma vibaya namba mbili kwa pamoja.

Wakati mwingine nukta ziko sawa, jibu ndilo limesomwa vibaya, na lenyewe lina alama zake za kulitambua. Tuseme 47 imefifia ukaisoma 41. Nukta zote tatu zitatoa 47, zimekubaliana zenyewe kwa zenyewe na kuukataa upande wa kulia peke yake. Tuseme badala yake −8 imekatika ukaisoma −3. B itabaki 47 kwa kuwa y yake ni 0. A itatoa 10 + 6 + 21, yaani 37, imepungua 10. C itatoa 20 − 3 + 35, yaani 52, imezidi 5. Zigawe tofauti hizo kwa y ya kila nukta: −10 kwa −2 ni 5, na 5 kwa 1 ni 5. Zimelingana, basi kosa liko kwenye namba inayozidisha y, nayo imezidi kwa 5. Ondoa 5 kwenye −3, unaipata −8.

Njia hii ina mpaka wake. Jibu likiwa halina z kabisa, kwa mfano 3x − y = 4, bapa hilo limesimama sambamba na mhimili wa z, na z ya nukta yoyote unaweza kuisoma vibaya bila mlinganyo kulalamika. Hapo yanabaki macho yako na lile pengo baada ya mkato.

Na zao la vekta likikutokea (0, 0, 0), usiendelee kutafuta bapa. Nukta zako zimejipanga kwenye mstari mmoja, na mabapa yasiyo na idadi yanapita humo. Kwa A na B zetu, C ikisomeka (7, 2, −1), AC ni (6, 4, −4), mara mbili ya AB, na zao ni sifuri tupu. Swali linalotaka bapa moja haliwezi kutoa nukta za namna hiyo, kwa hiyo hapo anza moja kwa moja na picha: kuna namba au kistari ambacho hukukiona sawasawa.